Jedwali la makato: familia ya Mjimwema ilivyoitafuta 30,000 ya bima

Kaya ya watu hadi sita iliyojiunga na Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, yaani CHF iliyoboreshwa, ilikuwa ikichangia Sh30,000 kwa mwaka mzima. Meseji ya simu inayokata Sh100 kila siku hula Sh36,500 kwa mwaka huohuo. Kiasi cha kwanza kinadaiwa mara moja, kwa hiyo familia hukiona kikubwa na kukiahirisha. Cha pili kinachukuliwa kidogokidogo, hakuna anayekikalia kikao.

Mama mmoja mkazi wa Mjimwema, mjini Njombe, aliyaona hayo mawili yakiwa mstari wa juu na mstari wa chini kwenye skrini ya simu yake. Yeye hufundisha watoto wa chekechea, mumewe ni dereva wa Fuso linalobeba viazi na mbao. Wana watoto watatu na wanaishi nyumba ya kupanga. Kadi yao ya CHF ilikuwa imeisha muda bila kuhuishwa. Baridi ya Juni ilipoingia, mtoto wao wa mwisho akaugua kifua, na vipimo na dawa vikawagharimu Sh47,000 taslimu. Walikopa. Mume aliporudi safari aliuliza swali ambalo wazazi wengi huulizana: "Mama watoto, hivi hela inakwenda wapi?"

Wengi humaliza swali hilo kwa kugombana. Mama huyu alifungua lahajedwali, lile jedwali la safu na mistari linalopatikana bure kwenye simu kupitia Google Sheets au Excel, akaandika kila kitu kinachowakata kwa kujirudia. Chakula hakuandika, wala nauli. Alitaka vile tu vinavyojilipa vyenyewe au vinavyolipwa kwa mazoea: king'amuzi, bando, meseji za kulipia, makato ya benki, taka na michango.

Safu zilikuwa sita: huduma, nani anaitumia, kiasi cha malipo moja, mara ngapi kwa mwaka, jumla ya mwaka, na uamuzi. Safu ya tano hujijaza yenyewe ukiandika kanuni hii kwenye mstari wa pili na kuivuta hadi chini, kisha ukajumlisha mistari yote kumi:

```
=C2*D2
=SUM(E2:E11)
```

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu. Kazi iko kwenye safu ya nne, ile ya mara ngapi, na hapo ndipo watu hujidanganya. Bando la wiki, kwa mfano, wengi hulizidisha kwa nne kupata mwezi, kisha kwa 12 kupata mwaka. Wanapata wiki 48, wakati mwaka una wiki 52. Kwa bando la Sh5,000, hizo wiki nne zilizosahaulika ni Sh20,000. Kifurushi cha siku 30 nacho si cha mwezi. Ukikiunga bila kukatisha, utakinunua mara 12 na bado zibaki siku tano, kwa hiyo kanuni yake ni bei mara 365 gawanya kwa 30.

Kosa la upande mwingine ni kudhani kwamba kila kitu kimelipwa mwaka mzima. King'amuzi chao ni cha Sh28,000, na kwa 12 kingekuwa Sh336,000. Lakini nyumba nyingi za Njombe hulipia king'amuzi kulingana na mfuko: mzigo wa viazi ukitoka kinawaka, ada za shule zikifika kinazimika. Mama alifungua taarifa ya miamala ya simu, akahesabu malipo yaliyofanyika kweli. Yalikuwa tisa, sawa na Sh252,000. Namba ya kuandika ni hiyo ya taarifa, kwa sababu huwezi kuokoa fedha ambayo hukuitumia.

Baada ya jioni mbili, jedwali lilisomeka hivi. King'amuzi 252,000. Bando la mama la wiki 260,000, la baba 156,000. Taka 24,000. Makato ya akaunti ya benki, Sh2,000 kila mwezi, 24,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU 18,000. Mfuko wa jamii wa kikundi cha kina mama, Sh1,000 kila wiki, 52,000. Meseji za soka kwenye laini ya baba 36,500, na meseji za afya ya uzazi kwenye laini ya mama 20,000. Bima ya CHF, kiasi 30,000, mara kwa mwaka: sifuri. Jumla ilikuwa Sh842,500.

Hisa za kikundi hakuziweka, na alifanya vizuri. Hisa hurudi siku ya kugawana, hivyo ni akiba iliyo mahali pengine. Mfuko wa jamii haurudi, unakwenda kwa mwenye msiba au mgonjwa, na kwa hiyo ni malipo kama mengine. Kuuorodhesha haina maana ya kuufuta. Kwenye safu ya uamuzi aliandika "unabaki" bila kusita, na kwa familia isiyo na kadi ya bima hilo lina mantiki, maana kikundi ndicho kilichomkopesha ile Sh47,000.

Mistari miwili ya meseji ndiyo iliyowachukua muda. Ya baba ilikuwa inakata Sh100 kila asubuhi kwa matokeo ya mechi ambayo tayari ameyasikia redioni usiku. Hakumbuki alijiunga lini. Yeye huweka vocha kila siku kwa sababu ya kuwapigia wenye mizigo, kwa hiyo huduma hiyo haikukosa cha kukata hata siku moja. Laini ya mama ilikuwa tofauti. Anaponunua bando moja kwa moja kutoka kwenye pesa ya simu, salio la kawaida hubaki sifuri, na meseji hizo hukata salio la kawaida, si bando. Huduma hulala, kisha akiweka vocha ya Sh500 kwa dharura inaamka na kung'ata. Ndiyo maana mara nyingi mtu huapa kwamba vocha yake "imeyeyuka". Kwa kukadiria siku ambazo huwa na salio, aliandika mara 200 badala ya 365.

Meseji zenyewe zilikuwa za ushauri kwa wajawazito. Alijiunga akiwa na mimba ya huyu mtoto wa mwisho, ambaye sasa ana miaka minne. Hapa ukurasa huu unaweza kuongeza jambo: ushauri wa aina hiyo si lazima ununuliwe. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012 chini ya Wizara ya Afya, ilituma meseji za ujauzito na malezi bila malipo kupitia namba 15001. Wizara pia ina kituo cha simu cha afya, namba 199, ambacho kupiga ni bure.

Kujiondoa kunahitaji subira kidogo. Kila huduma ina namba yake fupi na neno lake, mara nyingi ONDOA au STOP, na neno hilo huwa limeandikwa mwishoni mwa mojawapo ya meseji za zamani. Laini moja inaweza kubeba huduma tatu, na kuifuta moja hakugusi nyingine. Jibu la uthibitisho litunzwe. Kisha fanya jaribio: usiku weka vocha ya Sh500, usiitumie, na asubuhi uangalie salio kabla ya kupiga simu. Likiwa Sh500, umetoka. Likiwa Sh400, bado kuna kitu, na hapo ni kupiga huduma kwa wateja na kuomba wakusomee kila kilichounganishwa kwenye laini. Mama ilimchukua asubuhi mbili. Baba alifanikiwa siku ya nne, baada ya kugundua huduma ya pili ya wimbo wa kumpokelea mpigaji ambayo haikuwa hata kwenye jedwali.

Akaunti ya benki ilikuwa ya mkopo uliokwisha kulipwa zamani. Kuiacha bila kuitumia hakusimamishi makato, ni lazima kwenda tawini na kuifunga kwa maandishi. Walifanya hivyo.

Kodi ya jengo iliwapa mshangao. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo hukatwa unaponunua umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa Sh1,500 kwa mwezi. Usiponunua umeme miezi miwili, deni linakusubiri kwenye manunuzi yanayofuata. Huwezi kuifuta, lakini anayewajibika nayo ni mwenye nyumba, siyo mpangaji. Mama alipiga picha ya risiti za LUKU, akampelekea mzee mwenye nyumba kwa heshima zote, na wakakubaliana Sh18,000 ipunguzwe kwenye kodi ya pango. Wapangaji wengi hawaulizi kwa kuogopa kuonekana wakorofi.

Bando la mama ndilo lililobeba fedha nyingi zaidi. La wiki huisha muda wake likiwa na MB zilizobaki, na zinapotea. Aliamua kuhamia kifurushi cha siku 30 cha Sh15,000, ambacho kwa mwaka ni Sh182,500, pungufu kwa Sh77,500. Ugumu ni kuishika Sh15,000 kwa mkupuo. Anayeishi kwa kipato cha siku hununua vidogovidogo na hivyo hulipa zaidi kwa kitu kilekile, na jedwali halimtibu hilo. Mama anapokea mshahara mwisho wa mwezi, kwa hiyo hununua siku hiyohiyo kabla fedha haijapata kazi nyingine. Bando la baba liliachwa: safari zake hazitabiriki, na wiki nyingine hupita mahali pasipo na mtandao.

Meseji 56,500, akaunti 24,000, pango 18,000, bando 77,500. Jumla Sh176,000 kwa mwaka, bila kugusa king'amuzi wala mfuko wa jamii. Mchango wa bima ukitolewa humo, kwa kiwango walicholipa mara ya mwisho, zinabaki Sh146,000. Fedha hiyo, hata hivyo, haipo mezani kwa siku moja. Inajitokeza kwa mia na elfu, na isipowekwa kando italiwa na vocha. Kwa hiyo kila Ijumaa mama huhamisha Sh3,000 kwenye akiba ya simu. Wiki kumi zinatosha kufikia Sh30,000, na huduma ya bima ikipanda bei atajua ni wiki ngapi aongeze.

Mstari wa king'amuzi bado una alama ya kuuliza. Baba anataka ligi, watoto wanataka katuni, na mama anataka waone kwanza ni chaneli zipi zinabaki kifurushi kikiisha, kabla ya kulipia tena. Wamepanga kuujadili Julai, ligi ikiwa imesimama.