Kutafuta Baki la Namba Yenye Tarakimu 85

Andika 7, izidishe kwa 7, jawabu lizidishe tena kwa 7, uendelee hivyo mpaka uwe na saba mia moja zilizozidishana. Namba hiyo ndiyo 7¹⁰⁰. Sasa igawe kwa 13. Baki ni ngapi?

Mtu wa kwanza kuulizwa swali hili kwa kawaida huchukua kikokotoo. Kioo kitamwonyesha kitu kama 3.234476509 × 10⁸⁴, naye atadhani amekaribia kumaliza. Ukweli ni kwamba hajaanza. Kikokotoo kimemhifadhia tarakimu za mwanzo na kuzitupa nyingine zaidi ya sabini, ilhali baki hutegemea namba nzima mpaka tarakimu ya mwisho. Ukikosea kwa moja tu upande wa kulia kabisa, baki linabadilika. Kompyuta nayo ina mpaka wake. Katika hesabu zake za kawaida za desimali, huwa na uhakika wa kila namba nzima mpaka 9,007,199,254,740,992. Namba 7¹⁸ inaingia ndani ya mpaka huo. 7¹⁹ imeshatoka nje, na kuanzia hapo mashine huanza kukadiria. Ukiomba baki la kadirio, utapewa namba fulani, lakini haitakuwa na maana yoyote.

Njia sahihi ni kutoijenga kabisa hiyo namba kubwa.

Tuanze na vipeo vidogo. 7² ni 49. Ndani ya 49 mna 13 tatu, yaani 39, na baki 10. Tunapotaka 7³ tunazidisha 49 kwa 7, lakini zile 13 tatu zikizidishwa kwa 7 zitakuwa 13 ishirini na moja, nazo bado zitagawika kwa 13 bila kubakiza kitu. Kwa hiyo hazina mchango wowote katika baki. Kinachohesabika ni ile 10 peke yake: 10 mara 7 ni 70, na 70 ukitoa 65 unabaki na 5. Baki la 7³ ni 5. Ukitaka kuhakiki, 7³ ni 343, na 13 mara 26 ni 338. Imebaki 5 kweli.

Hiyo ndiyo kanuni yote: kila zinapojitokeza 13, zitupe hapohapo na uendelee na kilichobaki. Hutashika namba inayozidi 12, na kuzidisha kwa 7 hakutakufikisha hata mia.

Tukiendelea, 5 mara 7 ni 35, baki 9. 9 mara 7 ni 63, baki 11. 11 mara 7 ni 77, baki 12. Hapa tumefika kipeo cha 6. Kutoka hapo mabaki yanafuatana hivi: 6, 3, 8, 4, 2, halafu 1. Hiyo 1 imetokea kwenye kipeo cha 12, na ndiyo tuliyokuwa tukiisubiri, kwa sababu 1 mara 7 ni 7, na hapo tumerudi tulipoanzia. Mabaki yatajirudia kwa mpangilio uleule daima, kila baada ya hatua kumi na mbili.

Vipeo basi vinazunguka kama saa zetu. Baada ya saa kumi na mbili inakuja saa moja, si saa kumi na tatu. Saa 100 zikipita tangu saa kumi na mbili kamili, mizunguko minane inakula saa 96, zinabaki 4, na mshale unasimama kwenye saa nne. Vivyo hivyo, 7¹⁰⁰ ina baki lilelile la 7⁴. Tumeshaliona hapo juu: ni 9.

Kwa nini mzunguko ukafunga kwenye 12, moja pungufu ya 13? Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyependa hisabati, aliliandika jambo hili katika barua ya tarehe 18 Oktoba 1640 kwa rafiki yake Frénicle de Bessy, lakini hakutoa uthibitisho. Leonhard Euler aliuwasilisha wake mwaka 1736. Wazo lenyewe linaweza kuonekana kwa macho. Chukua namba kutoka 1 mpaka 12, zidisha kila moja kwa 7, kisha andika baki lake baada ya kugawa kwa 13. Utapata 7, 1, 8, 2, 9, 3, 10, 4, 11, 5, 12, 6. Zitazame vizuri. Ni zilezile namba 1 mpaka 12, zimechanganywa tu kama karata. Hakuna iliyopotea wala iliyojirudia.

Haikuwezekana kuwa vinginevyo. Kama namba mbili kati ya hizo zingetoa baki moja, basi 7 mara tofauti yao ingegawika kwa 13. Lakini 13 ni namba tasa: haiwezi kugawa zao la namba mbili bila kugawa mojawapo. Haigawi 7, na tofauti yenyewe ni ndogo kuliko 13. Sasa zidisha namba zote kumi na mbili za mstari wa kwanza, kisha zidisha zote za mstari wa pili. Kwa kuwa ni namba zilezile, mazao yana baki moja. Ila mstari wa pili umebeba saba kumi na mbili za ziada. Saba hizo zimeingia bila kubadilisha kitu, kwa hiyo 7¹² lazima iwe na baki la 1.

Makosa mengi huzaliwa pale mtu anapoikariri kanuni hii bila kuona inasimama juu ya nini. Kosa la kwanza ni kugawa kipeo kwa 13 badala ya 12. 100 gawa kwa 13 ni 7 baki 9, na baki la 7⁹ ni 8. Jawabu linaonekana zuri tu, lakini si sahihi. Namba za chini hugawanywa kwa 13, vipeo kwa 12. Ni mizani mbili tofauti. Kosa la pili ni kuipeleka kanuni kwenye kigawanyo ambacho si namba tasa. Tuseme tunagawa kwa 12, na mtu anadai 7¹¹ ina baki la 1 kwa kuwa 11 ni moja pungufu ya 12. 7² ni 49, na 49 gawa kwa 12 inabakiza 1, kwa hiyo 7¹⁰ nayo inabakiza 1, na 7¹¹ inabakiza 7. Dai limeanguka kwa mistari miwili.

Kuna njia nyingine isiyohitaji mzunguko wala namba tasa, nayo ndiyo inayotumiwa na programu za kompyuta. Badala ya kupanda kipeo kimoja kimoja, unazidisha baki kwa lenyewe, na kila mara kipeo kinakuwa maradufu. 7² inabakiza 10. 10 mara 10 ni 100, baki 9: hiyo ni 7⁴. 9 mara 9 ni 81, baki 3: hiyo ni 7⁸. Kisha 7¹⁶ inabakiza 9, 7³² inabakiza 3, na 7⁶⁴ inabakiza 9. Kwa kuwa 100 ni 64 na 32 na 4, tunazidisha mabaki ya vipeo hivyo vitatu: 9 mara 3 mara 9 ni 243. 13 mara 18 ni 234. Baki ni 9. Tumezidisha mara nane tu badala ya tisini na tisa. Katika lugha ya programu ya Python kazi hiyo yote ni mstari mmoja:

```
pow(7, 100, 13)
```

Msomaji mwenye shaka bado ana haki ya kutaka kuiona namba yenyewe. Hii hapa, imegawanywa kwa makundi ya tarakimu tatu: 3 234 476 509 624 757 991 344 647 769 100 216 810 857 203 198 904 625 400 933 895 331 391 691 459 636 928 060 001. Ni tarakimu 85. Huhitaji kuigawa kwa mkono. 1001 ni 7 mara 11 mara 13, kwa hiyo 1000 ni pungufu ya kigawe cha 13 kwa moja tu. Hiyo inakuruhusu kuanza kulia na kujumlisha kundi, kutoa linalofuata, kujumlisha, kutoa, mpaka mwisho, na baki kwa 13 lisibadilike. Makundi ya kujumlishwa yanafikia 7,832 na ya kutolewa 7,160. Tofauti ni 672. 13 mara 51 ni 663, na imebaki 9.

Hesabu hiyohiyo inajihakiki yenyewe. Kwa kuwa 1001 inagawika kwa 7 pia, 672 nayo ilipaswa kugawika kwa 7 bila baki, maana namba tuliyoanza nayo imejengwa kwa saba tupu. Na kweli, 672 ni 7 mara 96. Kama ningekosea kunakili tarakimu moja, kuna uwezekano mkubwa kipimo hicho kingelifichua kosa.

Sasa geuza swali. Ukiambiwa kwamba 7 kwa kipeo fulani imebakiza 9 kwa 13, kipeo hicho ni kipi? Kwa 13 unatazama orodha yetu na kusema 4, au 16, au 28. Lakini 13 ikibadilishwa kuwa namba tasa iliyochaguliwa vizuri yenye tarakimu 617, orodha haiandikiki tena. Kwenda mbele bado ni rahisi, kwa kuzidisha mara elfu chache. Kurudi nyuma hakuna aliyechapisha njia ya haraka kwa kompyuta za kawaida.

Whitfield Diffie na Martin Hellman walilitumia pengo hilo mwaka 1976. Tuseme Asha na Juma wanakubaliana hadharani kutumia 7 na 13. Asha anachagua 4 kwa siri na kumtumia Juma baki la 7⁴, yaani 9. Juma anachagua 5 kwa siri na kumtumia Asha baki la 7⁵, yaani 11. Asha anaipandisha 11 kwa kipeo chake cha 4: 11² inabakiza 4, na 4² inabakiza 3. Juma anaipandisha 9 kwa kipeo chake cha 5: 9² inabakiza 3, 9⁴ inabakiza 9, na 9 mara 9 inabakiza 3. Wote wawili wana 3, ambayo haikupita njiani hata mara moja. Aliyekuwa akisikiliza ameambulia 7, 13, 9 na 11.