Wageni Wasiokula Nyama

Siku moja nilialika watu wanane kwa chakula cha mchana, wawili wao Wasabato wasiokula nyama wala samaki. Nilipanga maharage yawe ndiyo chakula kikuu. Saa tatu asubuhi nikayabandika jikoni pamoja na nyanya, vitunguu na chumvi, vyote kwa mpigo. Saa saba wageni wakaingia, na maharage yalikuwa bado magumu katikati, yameshika umbo kama yalivyotoka gunia. Wageni walikula wali na mchicha, wakashukuru, wakaondoka. Mimi nilibaki na sufuria nzima ya maharage na aibu.

Kosa lilikuwa nyanya. Maharage hulainika pale ile gundi inayoshikilia ngozi na nyama yake inapoyeyuka ndani ya maji ya moto, na uchachu wa nyanya, ukwaju au ndimu huizuia isiyeyuke. Ukiuweka mapema, unaweza kuchochea moto hadi jioni. Kwa hiyo uchachu wowote usubiri mpaka punje ikibanywa kwa vidole viwili ipondeke yote, kiini na kila kitu. Chumvi haina kosa hilo, na kijiko kimoja katika maji ya kulowekea hata husaidia. Magadi pia hulainisha haraka, lakini yakizidi kidogo tu maharage hupata ladha ya sabuni. Na kama maharage ni ya zamani, yaliyokaa ghalani msimu baada ya msimu, hayaivi vizuri hata ufanyeje. Mwulize muuzaji ni ya mavuno gani, na kama una shaka chemsha konzi moja siku mbili kabla ya wageni.

Maharage mekundu yana jambo jingine la kuangaliwa kwa makini. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili inayoleta kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, kisha yachemshe kwa nguvu, maji yakitokota kweli, angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Kuyapika tangu mwanzo kwa moto mdogo usiofikia kutokota hakuiondoi sumu hiyo.

Tangu siku ile, kwa watu wanane napika hivi: gramu 600 za maharage makavu, mayai 10, na gramu 200 za karanga, pamoja na wali na kachumbari. Maharage yanatoa kama gramu 130 za protini, mayai 60, karanga 50. Ukigawanya, kila mtu anapata kama gramu 30 kabla hujahesabu wali, kiasi cha kumshibisha mtu mzima. Wali nao una kazi yake: protini ya maharage ina upungufu ambao nafaka huuziba, na ile ya nafaka ina upungufu unaozibwa na maharage. Wazee wetu walipovila pamoja, walikuwa wamepatia.

Lakini shibe peke yake haimfurahishi mgeni. Anayezoea nyama hukosa vitu viwili akiiona sahani isiyo nayo: ule utamu wa kitu kilichokaangwa kikawa cha kahawia, na mafuta mazito yanayobaki mdomoni. Kwa hiyo maharage nayafanya makavu na ya kukaanga, na mafuta nayaachia mchuzi wa mayai na karanga. Nazi siweki siku hiyo. Tui zito na karanga katika meza moja humchosha mlaji kabla hajamaliza sahani.

Maharage yakishaiva, yachuje na uhifadhi supu yake. Katakata vitunguu maji vitatu vikubwa, vikaange kwa moto wa kati bila haraka. Dakika tano za kwanza hulainika tu. Ladha huja baada ya dakika 15 au 20, vinapokuwa vya kahawia iliyokolea. Wapishi wengi wenye haraka huishia njano, ndipo chakula kinapokosa kina. Tia binzari nyembamba nzima kijiko kimoja cha chai, iache ipasuke na kunukia, kisha kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, na pilipili manga. Ndipo uingize maharage na vikombe viwili vya supu yake. Ponda kiasi cha robo kwa mwiko ili mchuzi ushikane, acha ukauke, na mwisho kamulia ndimu moja. Maharage yanayoonekana sawa kwa chumvi lakini bado yana kitu kimepungua, mara nyingi yanadai uchachu.

Sasa karanga. Chambua kwanza, moja moja. Tupa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zenye uchungu ukionja, maana ukungu wa karanga huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi vya kutosha. Zilizobaki kaanga bila mafuta, kwa moto mdogo, ukikoroga daima. Zikianza kunukia na ngozi kuachia, epua, kwa sababu huendelea kuiva kwa joto lake lenyewe. Zikiungua, mchuzi wote utakuwa mchungu na hakuna cha kuurekebisha. Zipoze, zisugue, zipepete kwenye ungo, kisha zitwange.

Mayai yachemshe dakika 10, yaweke kwenye maji baridi, yamenye. Yakizidi dakika hapo, ute wa njano hupata ukingo wa kijani na harufu kali kidogo. Yachome kwa uma mara mbili tatu, ili mvuke upate pa kutokea yasipasuke kikaangoni na mchuzi upate njia ya kuingia. Yapake binzari ya manjano na chumvi, yageuzegeuze kwenye mafuta mpaka ngozi ikaze na kupata rangi ya dhahabu. Ngozi hiyo ndiyo inayompa mlaji kitu cha kutafuna.

Kwenye mafuta yaleyale kaanga vitunguu viwili, saumu, tangawizi na pilipili moja, kisha nyanya nne zilizokunwa, mpaka mafuta yajitenge pembeni. Koroga unga wa karanga na kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu kwanza; ukiumwaga mkavu utafanya madonge. Mimina, ongeza maji vikombe viwili, punguza moto, na usiondoke jikoni, kwani karanga hushika chini upesi sana. Baada ya robo saa mafuta huelea juu na ladha ya ubichi huisha. Tia maji ya ukwaju vijiko viwili, onja, ndipo uweke mayai kwa dakika tano.

Kabla ya yote hayo mpigie mgeni simu. Wahindu wengi wasiokula nyama hawali mayai pia. Kwao weka viazi na biringanya zilizokaangwa vivyo hivyo, na maharage yaongezwe. Uliza pia kama kuna asiyepatana na karanga. Kwa mtu wa namna hiyo hata mwiko uliopita kwenye mchuzi ni hatari, basi siku hiyo karanga zisiingie jikoni kabisa. Soma na maandishi ya vidonge vya supu, maana vingine vina mafuta ya ng'ombe.

Wasabato wangu wawili walirudi baada ya miezi kadhaa. Maharage nilikuwa nimeyapika jana yake usiku, kwani yakilala hunywa viungo, na asubuhi ilibaki kazi ya mchuzi na wali. Mmoja wao aliomba yai la pili, akala mchuzi uliobaki kwa chapati, kisha akaniuliza ukwaju ninaununua wapi.