Ufunguo wa Uongo

Miaka michache iliyopita, kijana mmoja mpiga picha za harusi, mwenye kibanda chake pale Makutano mjini Meru na wateja wake wengi upande wa Embu, alinijia asubuhi na mapema akiwa amekumbatia kompyuta yake kama mtu aliyebeba mgonjwa. Maana usiku uliotangulia, baada ya kupakua programu ya kuhariri picha iliyovunjwa kufuli ili asiilipie, aliziona kazi zake za miezi minne zimeongezwa herufi nne ngeni mwishoni mwa majina, wala hapana hata moja iliyokubali kufunguka. Katika kila folda palikuwa na waraka uitwao `_readme.txt`, ukimtaka alipe dola 980, au nusu yake iwapo angelipa kabla ya saa 72 kupita.

"Mzee, nimempata mtu Telegramu," akaniambia. "Anasema atazirudisha zote, asilimia mia. Nitume elfu kumi na tano kwanza."

Nilimwomba asubiri, kwa kuwa kirusi hicho, kinachojulikana kwa jina la STOP au Djvu, kina tabia zinazofahamika, na tabia hizo ndizo zinazompambanua fundi na laghai. Kila kinapoingia, hujaribu kuwasiliana na mabwana zake kwa intaneti ili kipewe ufunguo wa mhasiriwa huyo peke yake, na ufunguo huo ukishatolewa hapana fundi wa Meru wala wa Ulaya awezaye kuubahatisha. Lakini mtandao ukiwa umekatika, kirusi hutumia ufunguo mmoja kilichozaliwa nao, ambao ni ule ule kwa watu wengi. Na ufunguo huo, akiulipia mmoja na kuutoa kwa wataalamu, huweza kuwafaa wengine. Alama yake ni nambari ya kitambulisho iliyomo ndani ya waraka ule, ambayo aghalabu huishia kwa `t1`. Basi mtu anayeahidi asilimia mia bila kuiuliza nambari hiyo hajui anachokisema, au anajua na anakuhadaa.

Kijana akanijibu kwamba laghai wake alikuwa amekubali kufanyiwa mtihani: alitumiwa picha moja, akairudisha ikiwa safi. Hapa ndipo wengi wanaponaswa, kwani waraka wenyewe wa wahalifu huahidi kufungua faili moja bure, na dalali huipeleka faili yako kwao, akairejesha kwako kama kazi ya mikono yake, kisha akatoza zaidi ya fidia. Wala si jambo la vichochoroni tu: mwaka 2019 waandishi wa ProPublica wa Marekani walieleza jinsi kampuni za huko zilivyojinadi kuwa zina ujuzi wa kuokoa faili, ilhali zilikuwa zikiwalipa wahalifu kwa siri.

Mtihani ulipokwisha, mtu yule alimtumia faili iliyofungwa kwa neno la siri, akamwagiza azime kinga ya virusi kabla ya kuifungua. Faili iliyofungwa hivyo haiwezi kukaguliwa njiani, na kinga ikizimwa haikaguliwi hata ikishafika. Mwezi Juni mwaka 2020 ilifichuliwa programu iliyojifanya ni ya kuwafungulia wahasiriwa wa Djvu, kumbe ndani yake mna kirusi kingine, Zorab, kilichozifunga faili mara ya pili na kuzipachika `.ZRB`. Aliyekuwa na kufuli moja akawa na mbili.

Tukafanya hivi. Kwanza tulikisafisha kirusi chenyewe, maana kikiachwa hufunga tena kila kinachofunguliwa. Kisha tukanakili faili zote, zikiwa zimefungwa vile vile, kwenye diski ya nje ambayo tuliichomoa na kuiweka kabatini. Baada ya hapo tuliandika kwa mikono anwani ya `nomoreransom.org`, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 kwa ushirikiano wa polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama, bila kubonyeza tangazo lolote lililotangulia kwenye utafutaji, kwa sababu nafasi za juu hununuliwa na yeyote. Programu ya Emsisoft tuliyoelekezwa ni ya bure. Na kabla ya kuifungua tulibonyeza Properties, kisha Digital Signatures, tukahakikisha kwamba sahihi ni ya Emsisoft na kwamba Windows inaikubali.

Ndani ya `C:\SystemID\PersonalID.txt` tulikuta vitambulisho viwili. Bando la kijana lilikuwa limekwisha kirusi kilipoanza kazi, naye akalijaza usiku ule ule bila kujua. Programu ilitamka waziwazi kwamba cha kwanza ufunguo wake haujapatikana bado, na cha pili hauwezekani. Laghai hatamki neno la namna hiyo. Miezi kadhaa baadaye tuliitoa diski kabatini tukajaribu tena, na harusi tatu za Embu zikafunguka, picha moja baada ya nyingine. Zilizobaki zingali zimefungwa mpaka leo.