KUCHAJI GARI LA UMEME NYUMBANI

Gari la umeme halina tangi la petroli. Lina betri kubwa chini ya sakafu yake. Betri hiyo hujazwa kwa umeme kama unavyojaza simu yako, lakini umeme unaohitajika ni mwingi zaidi.

Tuchukue mfano wa gari moja, Nissan Leaf. Gari hili lilianza kuuzwa Japani mwaka 2010. Yale ya kwanza yana betri ya uniti 24, uniti zile zile unazonunua kwa LUKU. Mtu anaweza kuagiza gari la namna hii likiwa limetumika, likashuka bandarini Dar es Salaam, likafika Iringa au Mbeya. Swali lake la kwanza litakuwa hili: nitalichaji na nini?

Milango miwili ya gari

Fungua kifuniko kilicho puani mwa gari. Mara nyingi utaona milango miwili. Mlango mkubwa ni wa vituo vya kuchajia haraka. Huo hautumiki nyumbani. Mlango mdogo wa duara ndio wa nyumbani. Una matundu matano, nao huitwa Aina ya 1. Magari ya Ulaya yana mlango wenye matundu saba, uitwao Aina ya 2. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China yana mlango wa namna nyingine tena. Kwa hiyo usinunue waya kabla ya kutazama mlango wa gari lako.

Njia ya kwanza: soketi ya kawaida

Njia hii hutumia waya wenye plagi upande mmoja na kichwa cha gari upande wa pili. Katikati kuna kiboksi chenye taa. Kiboksi hicho huliambia gari livute umeme kiasi gani, na hukata umeme kukiwa na hitilafu.

Hapa pana hatari ya kwanza. Waya uliokuja na gari kutoka Japani ulitengenezwa kwa umeme wa kule, wa volti 100 au 200. Umeme wetu ni volti 230. Plagi yake pia haiingii katika soketi zetu za matundu matatu. Watu wengine hukata plagi hiyo na kufunga nyingine. Usifanye hivyo. Geuza kiboksi, usome maandishi yake. Kama yanasema 100V au 200V tu, waya huo si wa kutumia hapa. Tafuta waya ulioandikwa 230V au 220-240V, wenye plagi ya matundu yetu, na kichwa kinacholingana na mlango wa gari.

Sasa tufanye hesabu. Waya wa namna hii kwa kawaida huvuta ampea 10. Zidisha volti 230 kwa ampea 10. Utapata wati 2,300, yaani uniti 2.3 kwa saa. Sehemu hupotea njiani kwa joto, hivyo betri hupata kama uniti 2 kwa saa.

Tuseme mwalimu anakaa Uyole na kufanya kazi Mbeya mjini. Kwa siku anatembea kilomita 40, pamoja na mizunguko ya sokoni. Gari hili hutumia kama uniti 16 kwa kilomita 100. Tukiongeza kidogo kwa sababu ya milima, atatumia uniti 7 kwa siku. Akichomeka saa tatu usiku, uniti hizo zitakuwa zimerudi kabla ya saa saba. Soketi inamtosha.

Lakini soketi yenyewe lazima iwe nzima. Pasi huvuta umeme kwa dakika chache tu. Gari huvuta bila kupumzika kwa saa nyingi. Soketi iliyolegea, au waya mwembamba ukutani, hupata moto polepole watu wakiwa wamelala. Basi siku ya kwanza, baada ya nusu saa, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiwa ya moto hata huwezi kuacha mkono hapo, zima mara moja. Harufu ya plastiki inayoungua, au alama ya kahawia kwenye soketi, ni onyo lile lile. Usitumie waya wa kuongezea, hasa ukiwa umezungushwa kama kamba. Na katika baridi ya Juni na Julai, usiwashe hita kwenye mkondo ule ule gari linapochaji.

Njia ya pili: kifaa cha ukutani

Hiki ni kisanduku kinachofungwa ukutani daima. Hakina plagi. Waya wake hutoka moja kwa moja kwenye kisanduku cha fyuzi cha nyumba, ukiwa na sakiti breka yake peke yake. Kifaa cha ampea 32 huweza kutoa uniti 7 hivi kwa saa. Kinahitaji waya wa shaba wa milimita mraba 6, au 10 kama ni mbali. Kinahitaji pia waya mzuri wa ardhini, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Hii ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Fundi huyo apime kwanza kama umeme unaoingia nyumbani unatosha.

Upande wa gari, vifaa hivi ni vya namna mbili. Vingine vina waya uliofungwa humo humo. Hapo hakikisha kichwa chake kinalingana na mlango wa gari. Vingine vina tundu la Aina ya 2 tu. Hapo unanunua waya wa vichwa viwili: Aina ya 2 upande wa ukuta, na Aina ya 1 upande wa Leaf yetu. Waya huu hauna plagi wala kiboksi. Hauwezi kutumika kwenye soketi ya kawaida.

Je, kifaa hiki kingemsaidia mwalimu wetu? Kidogo sana. Chaja yenyewe imo ndani ya gari. Kisanduku cha ukutani ni kama bomba, na gari ndilo linaloamua kunywa kiasi gani. Leaf nyingi za zamani haziwezi kuvuta zaidi ya uniti 3.3 kwa saa. Mwalimu angeokoa kama saa moja tu kila usiku.

Kwa gari lenye betri ya uniti 40 na chaja ya uniti 6 au 7, mambo ni tofauti. Soketi ingelijaza kwa saa 20. Kifaa cha ukutani kingelijaza kwa saa 7. Mtu anayesafiri mbali kila siku na gari kama hilo atakihitaji.

Jambo la LUKU

Kwa sababu ya umeme unaopotea njiani, uniti 7 za betri hutumia kama uniti 8 za LUKU. Uniti 8 kwa siku 26 ni uniti 208 kwa mwezi. Nyumba zinazolipa bei nafuu ni zile ambazo matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi. Gari litaitoa nyumba katika kundi hilo, na taa na redio vitalipiwa kwa bei ya juu pia. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua gari.

Maswali

1. Kiboksi cha waya kimeandikwa 200V. Je, utautumia hapa? Kwa nini?
2. Jirani ana Leaf ya zamani, naye hutembea kilomita 30 kwa siku. Utamshauri njia ipi?
3. Utajuaje kwamba soketi inapata moto kupita kiasi?