"Bila ada" si bure

Anayemtumia mama yake pesa Kisumu kutoka London huvutiwa na tangazo la "bila ada". Lakini kampuni hizo zina njia mbili za kukutoza: ada inayoonekana, na tofauti kati ya bei ya soko ya pauni na bei wanayokupa wao. Hii ya pili kwa kawaida haiandikwi kwenye risiti kama gharama, na kwa kiasi kikubwa ndiyo inayoweza kuumiza zaidi.

Tuseme pauni sokoni ni shilingi 170. Kampuni ya kwanza haitozi ada, ila inakupa 164. Ya pili inatoza pauni 3 na kukupa 169.50. Ukitoa pauni 200, kwa ya kwanza mama atapata shilingi 32,800. Kwa ya pili zinabadilishwa pauni 197, naye anapata 33,391. Karibu shilingi 600 zaidi, licha ya ada.

Sasa toa pauni 40 tu. Ya kwanza inafikisha 6,560, ya pili 6,271. Mambo yamegeuka, kwa kuwa ada ni ileile hata kiasi kikiwa kidogo, ilhali tofauti ya bei hukua pamoja na pesa. Kwa bei hizi, mpaka uko kwenye pauni 92 hivi.

Kwa hiyo linganisha siku hiyohiyo, kwa kiasi kilekile, shilingi zitakazoingia M-Pesa. Angalia pia kama bei nzuri uliyoonyeshwa ni ya muamala wa kwanza pekee. Mwezi wa pili hushuka kimyakimya.