Kuliandika Kasha Lilivyo

"Kasha la Zanzibar, la kale sana, la Kiarabu, adimu, hali nzuri." Tangazo la namna hii limejaa sifa, lakini habari hakuna. Mnunuzi aliye Nairobi au Maskati akilisoma hapati ukubwa wala umri, hajui kama kifuniko kinafunga, na hilo neno "adimu" halimsaidii kwa lolote. Hata "la Zanzibar" lataka kutazamwa mara mbili. Makasha mengi yanayoitwa hivyo yalitengenezwa ng'ambo ya Bahari ya Hindi, Surat, Bombay na pwani ya Malabar, yakaletwa na majahazi pamoja na bidhaa nyingine, na jina la Zanzibar likayaganda kwa kuwa ndiko yalikouzwa. Mengine yametengenezwa huku huku, na maseremala wa Unguja na Lamu wanayatengeneza mpaka leo. Hayo mapya ni bidhaa halali na mengi yao ni mazuri, mradi yauzwe kwa jina la mapya.

Anayeuza la zamani na anataka bei ya la zamani ana kazi moja kubwa kabla hajaandika neno: kutenganisha aliyoyaona kwa macho yake, aliyosimuliwa, na anayokisia. Matangazo mengi huvurugika hapo, wala si lazima pawe na uongo. Babu alisema kasha lilitoka Maskati. Mjukuu anaandika "limetengenezwa Maskati". Dalali anaongeza "karne ya 18". Ndani ya sentensi tatu, masimulizi ya barazani yamekuwa cheti.

Tuchukue kasha moja la mfano, liko sebuleni katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa. Ni la mbao nzito za kahawia iliyokoza, limepigwa misumari ya shaba kwa nakshi, lina droo tatu chini na limekaa juu ya miguu inayotoka. Mwenyewe anataka kuliuza, na yule atakayelinunua pengine hatalishika mpaka limfikie.

Vipimo ndivyo rahisi, na ndivyo vinavyoharibiwa kwa haraka. Kifuniko cha kasha la aina hii kwa kawaida huwa kipana kuliko mwili, hivyo anayepima mwili peke yake amepunguza. Mishikio ya shaba ya ubavuni nayo hutokeza. Kasha letu lina mwili wa sentimita 110, kifuniko cha 114, na kutoka mshikio hadi mshikio ni 118. Upana ni 56. Kimo bila miguu ni 49, na likiwa juu ya miguu ni 62. Namba hizo zote ziandikwe, kila moja na jina lake, kwa sababu mmoja anataka kujua kama litapita mlangoni na mwingine anataka kujua kama litakaa chini ya dirisha. Msafirishaji naye ana hesabu yake. Mizigo mingi ya ndege hutozwa kwa nafasi inayochukua, kilo moja kwa kila sentimita za ujazo 6,000, pale hesabu hiyo inapozidi uzito wa mizani. Kwa kimo cha 49 kasha hili ni kama kilo 54. Kwa kimo cha 62 linakuwa kilo 68, na hapo bado halijafungiwa kwenye kreti. Mnunuzi aliyepewa kimo kimoja tu ataujua ukweli kwenye ankara ya usafiri, na hatamlaumu msafirishaji.

Kasoro zinahitaji subira zaidi. "Lina dalili za umri" ni sentensi ya kujificha. Kasoro inayoaminika ina mahali, kipimo na hali yake ya sasa: ufa wa sentimita 31 kwenye kifuniko, unaanzia ukingo wa kulia, haupenyi mpaka ndani. Misumari 14 ya shaba haipo upande wa mbele, mingi ikiwa karibu na kufuli. Kifuniko kimepinda, kikifungwa kinaacha uwazi wa milimita 6 kwenye pembe ya nyuma kushoto. Matundu ya wadudu yapo kwenye mguu mmoja, na hapa pana swali ambalo mnunuzi mzoefu hakosi kuliuliza: wadudu bado wamo? Jibu hupatikana kwa kuweka karatasi nyeupe chini ya mguu kwa wiki mbili au tatu. Unga mpya wa mbao ukionekana juu ya karatasi, mguu unahitaji dawa kabla ya kuuzwa. Usipoonekana, andika hivyo hivyo, kwamba karatasi iliwekwa kwa muda fulani na unga haukuonekana. Usiandike kwamba wadudu wamekufa, maana hujawaona.

Halafu kuna matengenezo, ambayo wauzaji huyaona aibu na wanunuzi huyachukulia kama jambo la kawaida. Kasha lililofunguliwa na kufungwa kwa miaka mia bila kubadilishwa bawaba hata moja lingekuwa muujiza. Katika kasha letu bawaba mbili zimekazwa kwa skrubu zenye mfuo wa nyota, na skrubu za namna hiyo ziliingia sokoni miaka ya 1930. Hazithibitishi kwamba kasha ni jipya. Zinathibitisha tu kwamba bawaba zilikazwa upya baada ya hapo, na ndivyo inavyofaa kuandikwa. Skrubu iliyochomolewa bawaba ya tatu ina ncha butu na mfuo uliokaa upande kidogo, usiopita katikati ya kichwa. Skrubu za mbao zenye ncha kali zilienea katikati ya karne ya 19, kwa hiyo hii butu ni dalili ya ukale. Lakini fundi naye huwa na kopo la skrubu kuukuu, na dalili moja haitoshi kupanga mwaka.

Zinahitajika dalili kadhaa zinazokubaliana. Chini ya kipande cha shaba kilicholegea, mbao iwe na rangi tofauti na iliyo pembeni yake, kwa kuwa haikuguswa na mwanga wala mikono. Rangi ikiwa moja pote, shaba imewekwa juzi. Droo iliyovutwa miaka mingi huwa imelika kwenye kingo za chini, tena zaidi nyuma kuliko mbele. Sehemu zisizoonekana, yaani mgongo, tumbo la kasha na nyuma ya droo, kwa kawaida fundi hakuzipaka kitu. Zikikutwa zimepakwa rangi nyeusi sawasawa, yafaa kuuliza kinachofichwa ni nini. Kasha letu limefaulu majaribio haya kwenye mwili na droo mbili. Droo ya tatu ina mbao nyepesi, kingo zake ni kali na misumari yake ni ya kiwandani. Ni droo mpya. Iandikwe kuwa mpya, na bei ishuke kidogo. Ikifichwa, mnunuzi atakayeigundua ataanza kuitilia shaka hata ile misumari ya kweli.

Historia ndiyo mahali ambapo ulimi huteleza. Laiti kila kasha linalodaiwa kutoka kwa Sultani lingetoka huko kweli, Beit el Ajaib isingekuwa na pa kukanyaga. Historia inayoandikika ni ya mkono kwa mkono: nani alikuwa nalo, tangu lini, na kinachoonyesha hivyo ni nini. Kwa kasha letu familia ina picha ya harusi iliyoandikwa 1958 nyuma, na kasha linaonekana ukutani, limekamilika misumari yote. Hiyo ni hazina. Inathibitisha kwamba kasha lilikuwa katika nyumba hiyo mwaka huo, na kwamba misumari ilipotea baadaye. Masimulizi ya kwamba bibi mkuu aliletewa na mumewe nahodha hayana karatasi, na si lazima yatupwe. Yaandikwe kwa kitenzi chake: "familia inasimulia kwamba". Mnunuzi ataamua mwenyewe uzito wa kuyapa.

Umri nao una mkono wa sheria. Nchini Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Tanzania Bara, sheria ya 1964 inatumia mwaka 1863, na inalinda pia milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo anayeandika "la mwaka 1850" ili kupandisha bei amejiandikia mwenyewe ushahidi kwamba kasha halitoki bila kibali. Na anayeshusha umri ili kukwepa kibali anafanya kosa la pili. Jina la mbao lina uzito uleule. Shishamu ni jamaa wa mpingo, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yote hiyo iko chini ya mkataba wa CITES. Fanicha ya shishamu inayozidi kilo 10 haipiti mpakani kwa neno la mdomo. Asiyekuwa na hakika na mbao aandike "pengine shishamu, haijachunguzwa na mtaalamu", kisha aulize ofisi husika kabla ya kumwahidi mtu wa Ulaya.

Baada ya yote hayo, tangazo lenyewe linakuwa fupi kuliko mtu anavyodhani:

"Kasha la mbao lenye nakshi za misumari ya shaba, la aina inayojulikana kama kasha la Zanzibar. Mahali lilipotengenezwa hapajulikani. Kwa mtindo wake tunakisia India, nusu ya pili ya karne ya 19. Mbao pengine ni shishamu, haijachunguzwa na mtaalamu. Urefu sm 118 pamoja na mishikio, kifuniko sm 114, mwili sm 110. Upana sm 56. Kimo sm 62 pamoja na miguu, sm 49 bila miguu. Ufa wa sm 31 kwenye kifuniko, haupenyi. Kifuniko kimepinda, uwazi wa mm 6 pembe ya nyuma kushoto. Misumari 14 haipo mbele. Droo ya kulia ni mpya. Bawaba mbili zimekazwa upya. Kufuli ipo, ufunguo haupo. Matundu ya wadudu mguu mmoja. Karatasi iliwekwa chini yake wiki tatu, unga haukuonekana. Shaba haijasuguliwa. Limo katika familia ya muuzaji tangu 1958 au kabla, picha ipo. Familia inasimulia kwamba lililetwa na nahodha, hakuna hati. Halitatoka Kenya bila vibali."

Picha zifuate mpangilio wa maneno: ufa na futi kando yake, ile droo mpya ikiwa imetolewa, tumbo la kasha, nyuma ya bawaba. Shaba isisuguliwe kabla ya kupiga picha. Wapo wanunuzi wanaolipa zaidi kwa ile rangi iliyofifia, na ikishatolewa hairudi kwa miaka mingi. Mtu akiuliza jambo lisiloandikwa, mathalani kama kile kijisanduku cha ndani kina chumba cha siri chini yake, jibu liingizwe kwenye tangazo ili wote wanaofuata walisome.

Siku ya malipo, maelezo hayo hayo yanakiliwa neno kwa neno kwenye stakabadhi na pande zote mbili zinatia saini. Kenya na Tanzania zote mbili zina sheria ya mauzo ya bidhaa inayotaka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo yake. Stakabadhi iliyoandikwa "kasha moja, la kale" tu haimlindi muuzaji wala mnunuzi.