Makundi Mawili ya Memba Nane: Jinsi ya Kujua Kwamba Si Kitu Kimoja

Katika hesabu, kundi ni mkusanyiko wa vitu pamoja na kanuni moja ya kuviunganisha viwiliwili. Kanuni hiyo, ambayo kwa kawaida huitwa kuzidisha hata pasipo na namba, lazima itimize masharti machache. Jibu la kuzidisha memba wawili liwe tena memba wa kundi. Memba watatu wanapozidishwa, mahali pa kuweka mabano pasibadili jibu. Awepo memba mmoja, anayeandikwa 1, ambaye akizidishwa na mwenzake humwacha kama alivyo. Na kila memba awe na mwenzake wa kumtengua, yaani wakizidishwa warudi kwenye 1.

Makundi mawili husemwa kuwa ni kitu kimoja ikiwa memba wa la kwanza wanaweza kulinganishwa mmoja kwa mmoja na memba wa la pili bila kuvuruga kuzidisha: a akilinganishwa na A, na b na B, basi ab lazima alinganishwe na AB. Ulinganisho wa namna hiyo huitwa isomofia. Majina hayana uzito hapa. Bao linaweza kuchezwa kwa komwe au kwa kokoto, na mchezo ukabaki ule ule.

Ili kuonyesha kwamba makundi mawili yanafanana, inatosha kuutoa ulinganisho mmoja unaofanya kazi. Kuonyesha kwamba hayafanani ni kazi ya namna nyingine, kwa sababu lazima ithibitishwe kwamba hakuna ulinganisho wowote unaofaa. Kwa makundi mawili yenye memba 8 kila moja, zipo njia 40,320 za kuwapanga memba wawiliwawili. Hata 1 wa huku akilazimishwa kwenda kwa 1 wa kule, zinabaki 5,040, na hakuna mwenye akili timamu atakayezijaribu zote kwa mkono. Kinachotafutwa badala yake ni sifa thabiti: sifa ambayo, kundi likiwa nayo, kila kundi linalolingana nalo lazima liwe nayo pia. Sifa moja tu ikitofautiana, njia zote 5,040 zinaanguka kwa pamoja.

Mfano mzuri wa kuanzia ni makundi mawili ya memba 8 ambayo kwa haraka yanafanana sana.

La kwanza ni kundi la mraba. Kipande cha karatasi chenye umbo la mraba kinaweza kuinuliwa na kurudishwa mahali pake pale pale kwa njia 8. Kinaweza kuachwa kama kilivyo, au kuzungushwa nyuzi 90, 180 au 270. Kinaweza pia kupinduliwa kwa mihimili minne: miwili inayopita katikati ya pande, na miwili inayotoka pembe hadi pembe. Kuzidisha hapa maana yake ni kufanya tendo moja kisha jingine. Mzunguko wa nyuzi 90 na uitwe r, na mmoja wa mipinduo uitwe s. Ukiandika namba kwenye pembe za karatasi na kujaribu, utaona kwamba kuzungusha kisha kupindua hakuziweki namba mahali pale ambapo kupindua kisha kuzungusha kunaziweka.

La pili ni kundi la kwatenioni. Mwenye wazo hilo ni William Rowan Hamilton wa Ireland, aliyezichonga kanuni zake kwenye daraja la Broom mjini Dublin tarehe 16 Oktoba 1843. Memba wake ni 1, -1, i, -i, j, -j, k na -k. Kanuni ni kwamba i² = j² = k² = -1, na ij = k, jk = i, ki = j. Mpangilio ukigeuzwa, alama nayo hugeuka: ji = -k.

Sifa ya kwanza ya kuangalia ni ile iliyo rahisi kuliko zote: je, ab na ba ni sawa daima? Kundi lenye sifa hiyo huitwa kundi la Abel, kwa heshima ya Niels Henrik Abel wa Norwei. Kama kundi moja lingekuwa la Abel na jingine si la Abel, shauri lingekwisha papo hapo, maana ulinganisho unaotunza kuzidisha hutunza pia usawa wa ab na ba. Lakini kwa haya mawili sifa hiyo haisaidii. Kwenye mraba, rs si sawa na sr. Kwenye kwatenioni, ij si sawa na ji. Yote mawili si ya Abel.

Hatua inayofuata ni kuuliza ni memba gani hawajali mpangilio hata kidogo. Memba anayepatana na wenzake wote, ikiwa na maana kwamba az = za kwa kila a, huwekwa katika kitovu cha kundi. Kitovu hupima ni kwa kiasi gani kundi liko karibu na kuwa la Abel, na kwa kuwa isomofia hupeleka kitovu kwenye kitovu, idadi ya memba wake haiwezi kubadilika. Kwenye mraba, mzunguko wa nyuzi 180 hupatana na kila tendo: ukiufanya kabla au baada ya mpinduo, karatasi hutua vilevile. Mizunguko ya nyuzi 90 na 270 hugombana na mipinduo, na kila mpinduo hugombana na r. Kitovu basi ni 1 na r². Kwenye kwatenioni, -1 hupatana na wote, lakini i hugombana na j, j na k, k na i. Kitovu ni 1 na -1. Memba wawili huku, wawili kule. Sifa hii nayo imeshindwa kuyatenga.

Inabaki oda ya memba, ambayo kwa wengi ndiyo ingepaswa kuangaliwa mapema. Oda ya memba ni idadi ndogo kabisa ya mara anazozidishwa kwa nafsi yake hadi kufika 1. Ikiwa a analinganishwa na A, basi a² hulinganishwa na A², a³ na A³, na kuendelea, kwa hiyo wote wawili hufika 1 kwa hatua ile ile. Hapo ndipo kila kundi linapoonyesha rangi yake. Kila mpinduo wa mraba, ukirudiwa, hurudisha karatasi ilivyokuwa. Mipinduo minne ina oda 2, na mzunguko wa nyuzi 180 pia una oda 2. Jumla ni memba 5 wa oda 2, na wawili tu, r na r³, wa oda 4. Kwenye kwatenioni, mwenye oda 2 ni -1 peke yake. Wengine sita wote wana oda 4: i² ni -1, i³ ni -i, na i⁴ ndiyo 1. Tano na moja haziwezi kulinganishwa mmoja kwa mmoja, kwa hiyo makundi haya mawili si kitu kimoja.

Kosa la mara kwa mara hapa ni kusimama kwenye i² = -1 na kudhani kwamba i amekwisha kurudi nyumbani. Alama ya kutoa haipaswi kupuuzwa; -1 na 1 ni memba wawili tofauti.

Arthur Cayley wa Uingereza aliorodhesha makundi yote ya memba 8 mwaka 1859 na kupata matano. Kwa ukubwa huo, kuhesabu oda peke yake kunatosha kuyatambua yote, na mwanafunzi anaweza kuingiwa na imani kwamba njia hiyo haishindwi. Inashindwa mara tu idadi ya memba inapofika 16.

Yachukuliwe makundi matatu ya memba 16. La kwanza ni jozi za namba kutoka 0 hadi 3, zikijumlishwa kila upande peke yake, na kila jumla inayofika 4 au zaidi ikipunguzwa 4. La pili ni kwatenioni zikiambatanishwa na alama ya pembeni t, ambayo ni 1 au -1 na huzidishwa kivyake. La tatu limejengwa kwa x na y, kila mmoja akiwa na oda 4, chini ya kanuni yx = x³y; kila memba wake huandikika kama x mara kadhaa kisha y mara kadhaa.

Ukihesabu oda, makundi yote matatu yanatoa jibu moja: memba 3 wa oda 2, na memba 12 wa oda 4. Orodha za oda zimelingana kabisa. La kwanza linajitenga mara moja kwa kuwa ni la Abel, kwani kujumlisha hakujali mpangilio, ilhali mengine mawili si ya Abel. Kumbe sifa ile iliyoshindwa kwenye mfano wa mraba ndiyo inayofanya kazi hapa. Lakini la pili na la tatu bado yamekabana. Kitovu cha la pili kina memba 4: 1 na -1, kila mmoja akiwa na alama zake mbili za pembeni. Kitovu cha la tatu nacho kina memba 4: 1, x², y² na x²y². Hata umbo la vitovu hivyo ni moja, kwa sababu katika kila kimoja memba watatu wasio 1 wana oda 2.

Oda, kitovu na mpangilio vyote vimekwisha, na bado si ruhusa kusema kwamba makundi hayo ni kitu kimoja. Sifa zinapolingana, hazithibitishi chochote. Zina nguvu zinapotofautiana tu. Inabidi kutafuta sifa nyingine, na iliyo karibu ni kuhesabu ni memba wangapi ni vipeo vya pili vya wengine. Katika kundi la pili, alama ya pembeni hupotea ikizidishwa kwa nafsi yake, na kwatenioni yoyote ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 1 au -1. Vipeo vya pili ni viwili tu. Katika la tatu, x² ni kipeo cha pili na y² pia. Chukua xy: xyxy ni x(yx)y, nayo ni x·x³y·y, yaani y². Memba yeyote mwenye y mara isiyo shufwa hutoa y² vilevile, na waliobaki hutoa 1 au x². Vipeo vya pili ni vitatu: 1, x² na y². Viwili si vitatu, na kwa hiyo hakuna isomofia kati ya kundi la pili na la tatu.

Makundi ya memba 16 ni 14 kwa jumla. Ya memba 32 ni 51, ya memba 64 ni 267, na ya memba 1,024 yanazidi bilioni 49. Hakuna orodha fupi ya sifa inayojulikana kuyatenga makundi yote ya kila ukubwa. Anayeshughulika na makundi mawili huanza na sifa za bei nafuu, yaani idadi ya memba, usawa wa ab na ba, kisha oda na kitovu. Zote zikilingana, huchimba zaidi, au hugeuza upande na kujaribu kuijenga isomofia yenyewe.